Duka limefungwa, wewe bado upo: jinsi ya kusoma taarifa yako bila kujihukumu

Mteja anapofunga biashara, mara nyingi kitu cha kwanza anachozima ni simu. Anabadilisha laini, hapokei simu za chama, na njia ya kupita sokoni anaibadilisha pia ili asikutane na watu. Anaona aibu. Tatizo ni kwamba kwenye ile laini aliyoizima ndiko kuna ushahidi wa kile kilichotokea kweli. Bila ushahidi huo, kichwa kinajitungia hadithi yake: "Mimi sifai biashara."

Leo tutafanya hesabu ya duka moja dogo lililofungwa pale Endebess. Ni mfano tulioutengeneza sisi, lakini mtu wa Trans Nzoia ataujua mara moja.

Shilingi 60,000 zilienda wapi?

Mama mmoja alifungua duka la rejareja mwezi wa Januari. Alikuwa na akiba ya shilingi 45,000, akakopa 15,000 kwa chama. Januari na Februari duka lilichangamka. Kuanzia Aprili likapoa, na mwisho wa Juni akafunga. Jirani akasema, "Huyo pesa haikai kwake." Naye akaamini.

Baada ya wiki mbili aliomba taarifa ya miezi sita kwenye simu, akachukua daftari la madeni, akakaa mezani. Alipata hivi:

- Rafu na vifaa vya kuanzia: 8,000
- Bidhaa zilizochukuliwa kwa deni na wateja kumi na mmoja, kwa bei ya jumla: 18,400
- Karo ya mtoto na matibabu, zilizotolewa kwenye pesa ya duka: 13,500
- Kodi ya Mei na Juni, ambayo faida haikutosha kuilipa: 7,000
- Mkate na unga ulioharibika: 1,100
- Bidhaa zilizobaki, alizouza zote kwa bei ya jumla: 12,000

Jumla ni 60,000. Pesa yote imeonekana. Haikuyeyuka, na wala haikuliwa na mkosi.

Msimu, uamuzi, na mtu

Sasa angalia sababu. Huku kwetu mahindi ni ya msimu mmoja: tunapanda Machi na Aprili, tunavuna kuanzia Oktoba. Januari watu bado wana pesa ya mahindi. Kufika Mei pesa imeisha kwenye mbegu, mbolea na karo, na gunia la mwisho stoo linaliwa. Wateja hawakumkimbia huyu mama. Walikuwa hawana kitu mfukoni, ndiyo maana waliomba deni. Hiyo ni sehemu ya msimu, na hata duka la jirani yake liliisikia.

Sehemu ya pili ni uamuzi wake. Alikopesha bila kuweka kikomo, na alilipa karo kutoka kwa mtaji. Hayo ni makosa yake na hatutayaficha. Lakini kosa la uamuzi lina dawa: kikomo cha deni, na pesa ya duka kukaa mbali na pesa ya nyumba.

Sehemu ya tatu ndiyo watu husahau kuandika. Kwa miezi minne duka lilijilipia kodi lenyewe. Daftari la madeni lilikuwa na majina na kiasi, halikupungua hata jina moja. Mtoto hakufukuzwa shule. Hayo pia yalitokea, na yaliyafanywa na mtu yuleyule.

Jaribio la tarehe na kiasi

Ukitaka kujua kama unaongelea biashara au unajitukana, sikiliza sentensi yako. "Mei nilitoa 9,000 za karo kwenye pesa ya duka" ina tarehe na ina kiasi. Hiyo inahusu tukio, na unaweza kuifanyia kitu. "Mimi ni bure kabisa" haina tarehe wala kiasi. Hakuna mstari wa taarifa unaoweza kuithibitisha, na hakuna hatua unayoweza kuchukua kesho asubuhi kwa sababu yake.

Kila sentensi ya pili ikikujia, jiulize: lini, na shilingi ngapi? Ukipata jibu, iandike. Usipopata, jua hiyo ni aibu inaongea, si hesabu.

Kulipa deni kunarudisha uso

Kujiamini hakurudi kwa kuambiwa "jipe moyo". Kunarudi ukiona umeahidi kitu kidogo na umekitimiza. Huyu mama alikuwa na 12,000 mkononi na deni la chama la 15,000. Angelipa zote 12,000, angebaki na deni na bila mtaji. Angenyamaza, angepoteza chama. Kwa hivyo alimtumia mwekahazina ujumbe kabla hajatafutwa:

"Habari mama. Duka nilifunga mwisho wa Juni. Deni la chama ni 15,000. Leo natuma 6,000. Zilizobaki nitalipa 1,000 kila Ijumaa kwa wiki tisa. Nikikwama wiki yoyote nitakupigia Alhamisi."

Ona kwamba hakujitetea wala hakujidharau. Alitaja tukio, kiasi na siku. Kila Ijumaa akipata ujumbe wa kuthibitisha malipo, anauhifadhi. Wiki tisa zikiisha atakuwa na jumbe kumi zinazosema anatimiza neno lake. Huo ni ushahidi mzito kuliko maneno ya jirani.

Chagua kiasi unachokiweza hata wiki mbaya. Ukiahidi 3,000 halafu ushindwe wiki ya pili, utakuwa umejipa sababu mpya ya kujilaumu.

Wale wateja kumi na mmoja pia awakumbushe kwa upole, mmoja mmoja, kila mtu na kiasi chake. Wengine watalipa kidogo sasa, wengine mpaka mavuno. Asihesabu 18,400 kama pesa aliyo nayo, lakini asiiite hasara yote.

Kuanza tena, kwa udogo

Zile 6,000 zilizobaki zinatosha meza ya viazi na maharagwe, si duka. Auze siku thelathini, pesa ya mauzo ikae kwenye pochi ya biashara peke yake, na deni la mteja mmoja lisizidi 200. Mwisho wa mwezi asome taarifa tena. Swali si "je, mimi ninaweza?" Swali ni "je, meza hii ilibakisha kitu?"

Asikope haraka ili watu waone amerudi. Mkopo wa kuficha aibu hulipwa na mtaji ujao. Na mtu akikupigia akidai atakufutia jina kwenye rekodi ya mikopo ukimtumia ada, kata simu. Usimpe yeyote PIN yako.

Daftari lina mwisho wake pia. Kama usingizi umekataa kwa wiki kadhaa, chakula hakipiti, au unawaza kujidhuru, hilo si jambo la hesabu. Mwambie mtu unayemwamini leo, na uende kituo cha afya kilicho karibu.

Kwa wengine, anza jioni hii. Washa ile laini. Omba taarifa ya miezi sita, chukua daftari, na utafute kila shilingi ilikoenda.