Wimbo wa butiki: kupata jina lake hata bila rezo

Butiki nyingi huku Masisi na Walikale zinapiga muziki wa kadi ya memori. Ukimuuliza mwenye butiki jina la wimbo, anaangalia redio yake na kukusomea "Track 07". Hana kosa, ni yule aliyemkopia nyimbo ndiye hakuandika majina. Mimi natumia Shazam, na hapa naeleza namna inavyofanya kazi mahali ambapo rezo inakuja na kwenda.

Shazam haisikilizi maneno wala haielewi Lingala. Inachukua sekunde chache za sauti, inatafuta noti zinazolia kwa nguvu kuliko zingine, na inapima muda kati ya noti moja na ingine. Mpangilio huo ni kama alama ya kidole cha wimbo. Alama hiyo ndiyo inalinganishwa na zile zilizo kwenye hazina yao. Ndiyo maana wateja wanaweza kuongea na wimbo ukajulikana tu, kama umesimama karibu na spika.

Hakuna rezo? Bonyeza vilevile. Telefone itaweka alama ile, na siku ukifika penye rezo itatafuta yenyewe na kukuletea jibu. Ila lazima uwe umeiingiza Shazam ndani ya telefone mbele ya kusafiri.

Sasa tuchukue "Indépendance Cha Cha", wimbo ambao Grand Kallé na African Jazz walirekodi Brussels mwaka 1960. Ukisikia rekodi ile, Shazam inaweza kukuonyesha albamu ya mkusanyiko iliyotoka miaka mingi nyuma yake. Basi jina la msanii liamini, lakini mwaka uuhakikishe. Ukisikia toleo la Baloji, utaletewa Baloji. Na kama ni okestra inaupiga pale pale mbele yako, mara nyingi hautapata kitu, kwa sababu muda wa noti zao haulingani na rekodi yoyote. Shazam inatambua rekodi, haitambui wimbo. Dijei akiongeza mwendo wa wimbo, shida ni ile ile.

Hapo jaribu njia mbili zingine, ingawa zote zinaomba rezo. Tangu 2020, Google inakubali umwimbie kwa mdomo uliofungwa, sekunde 10 mpaka 15, nayo inafuata melodia. Ao andika mstari mmoja ulioshika, ndani ya alama za kunukuu. Kwa Lingala, jaribu maandishi zaidi ya moja: mwingine anaandika "na yo", mwingine "nayo".

Lakini msanii wa kwetu ambaye hajaweka wimbo wake mtandaoni, hakuna application itamtambua. Kwake, sikiliza mwanzo na mwisho wa wimbo, maana wengi wanajitaja jina. Kisha umuulize yule anayejaza kadi za memori.