Kidonda kilipona chenyewe, kaswende haikupona

Wiki hii sanduku letu lilikuwa na barua moja ambayo nimeirudia mara tatu. Baba mmoja anaandika, na jina lake tunalihifadhi: “Zaidi ya miaka miwili iliyopita, tukiwa bado njiani kuja huku, nilitoka kidonda kwenye uume. Hakikuniuma. Nilinunua kapsuli dukani, nikameza siku nne, kikapona. Sasa mke wangu ana mimba ya miezi mitano na kliniki wamemwambia ana kaswende. Mimi sina kitu chochote mwilini. Ameitoa wapi?”

Baba, tukujibu taratibu, maana barua yako ndiyo ugonjwa wenyewe ulivyo. Wengine huuita sekeneko, na sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunasema sifilisi. Ni mdudu mmoja, bakteria mwembamba aliyejisokota kama skrubu.

Mdudu huyu huingia pale ngozi laini ilipokwaruzika wakati wa kujamiiana. Kwa kawaida wiki tatu baadaye, ingawa inaweza kuwa siku 10 au hata 90, kidonda hutokea palepale alipoingilia. Mara nyingi ni kimoja, kingo zake ngumu ukizigusa, sehemu ya chini ni safi bila usaha. Hakiumi. Kwa mwanamke kinaweza kukaa ndani kwenye shingo ya kizazi asikione kabisa. Mwili wako unapigana nacho, na baada ya wiki tatu hadi sita kinafunga. Kingefunga hata kama usingemeza kapsuli hata moja. Lakini kabla hakijafunga, wadudu walikuwa wameshaingia kwenye damu.

Wiki kadhaa au miezi michache baadaye, watu wengi hupata vipele mwilini. Hivi navyo kwa kawaida haviwashi, na alama ya kuangalia ni kwamba vinafika hadi kwenye viganja vya mikono na nyayo za miguu. Homa kidogo, tezi kuvimba, nywele kunyonyoka vipande vipande. Hapa ndipo watu husema ni aleji ya sabuni, au mtu amelogwa, au ametegwa. Vipele navyo vinaondoka vyenyewe. Baada ya hapo kimya. Huoni kitu, huhisi kitu, kipimo cha damu peke yake ndicho kinachosema. Baba, wewe sasa uko kwenye kimya hicho. Na katika miezi ile ya kwanza, wakati wadudu ni wengi, inawezekana kabisa ndipo mkeo alipoupata bila ninyi wawili kujua. Kwa hiyo swali la ameitoa wapi, naomba usimwulize yeye kwanza.

Kimya hicho kinaweza kudumu miaka 10, 20, au maisha yote. Wengi wasiotibiwa hawafiki mwisho mbaya, lakini hakuna anayeweza kujua mapema nani atafika. Kwa baadhi, mshipa mkubwa wa damu unaotoka moyoni huharibika. Kwa wengine ni ubongo. Mtu aliyekuwa mtaratibu anaanza kusahau, anagawa vitu vya nyumbani, anasema yeye ni mkuu wa nchi, mikono na midomo inatetemeka, maneno yanagongana. Au ugonjwa unaharibu neva za mgongoni: maumivu ya kuchoma kama umeme kwenye miguu, halafu gizani hawezi kusimama sawasawa, kwa sababu miguu haijui tena ilipo bila macho kuiona. Dawa hapo inazuia uharibifu usiendelee, lakini neva zilizokufa hazirudi. Tena usidhani mambo ya ubongo husubiri uzee. Macho na masikio yanaweza kushambuliwa hata mwaka wa kwanza, kwa hiyo mwenye kaswende akianza kuona ukungu au kutosikia ghafla, aseme siku hiyohiyo.

Sasa dawa. Tabibu aliyenisaidia kuandaa kipindi hiki alinieleza jambo ambalo sikulijua. Penisilini huua bakteria wakati anajenga ukuta wa mwili wake ili ajigawe. Bakteria wengi wa kawaida hujigawa kila baada ya nusu saa hivi. Huyu wa kaswende ni mvivu, anachukua saa 30 au zaidi. Dawa ikikaa mwilini kwa saa chache tu, wengi inawakuta wamelala. Ndiyo maana inatumika benzathini penisilini, dawa nzito nyeupe kama maziwa, inayochomwa ndani ya msuli wa tako. Inabaki pale kama akiba, ikivuja kidogo kidogo kwenye damu kwa wiki mbili au zaidi. Inauma, sikudanganyi, na mchomaji asipoitikisa vizuri huziba sindano. Haichomwi kamwe kwenye mshipa.

Ugonjwa ukiwa chini ya miaka miwili, dozi ni moja: yuniti milioni 2.4, mara nyingi nusu tako hili na nusu lile. Ukizidi miaka miwili, au muda wake haujulikani, ni dozi hiyohiyo mara tatu, moja kila wiki. Baba, yako ni hiyo ya mara tatu, kama kipimo kitathibitisha. Ukichelewa zaidi ya siku 14 kati ya sindano na sindano, unaanza upya. Kwa ubongo sindano ya tako haitoshi, kwa kuwa dawa haifiki ya kutosha kwenye maji ya uti wa mgongo. Mgonjwa hulazwa na kupewa penisilini nyingine kwenye mshipa siku 10 hadi 14.

Kuna dawa za vidonge. Azithromaisini ilipendwa, lakini sehemu nyingi za dunia mdudu ameshajifunza kuishinda. Penisilini imetumika kwa kaswende tangu mwaka 1943, na mpaka leo hajaonekana mdudu wa kaswende anayeishinda. Doksisaiklini husaidia mtu mwenye aleji ya kweli ya penisilini, wiki mbili au nne kulingana na muda wa ugonjwa, lakini haipewi mjamzito. Kwa mama mjamzito ni penisilini tu, kwa sababu ndiyo inayojulikana kwa hakika kwamba inapita kwenye kondo la nyuma na kumtibu mtoto tumboni. Bila hiyo, mtoto anaweza kufia tumboni au kuzaliwa mgonjwa. Mkeo ana miezi mitano, muda upo. Matibabu yanatakiwa yawe yameanza angalau siku 30 kabla ya kujifungua, asisubiri hata wiki.

Usiku wa sindano ya kwanza mnaweza kupata homa, baridi na kichwa kuuma. Si aleji. Ni wadudu wanaokufa kwa wingi, na hupita ndani ya saa 24. Mama akihisi tumbo kubana au mtoto kuacha kucheza, arudi kliniki usiku huohuo.

Jambo la mwisho, kwa sababu linaleta ugomvi nyumbani. Kile kipimo cha haraka cha tone la damu ya kidole kitaendelea kuonyesha kaswende hata ukishapona, kwa wengi maisha yote. Usikitumie kumhukumu mtu. Kinachofuatiliwa ni kipimo cha maabara kinachoitwa RPR, chenye namba. Ikiwa leo ni 1:32 na baada ya miezi sita au mwaka imeshuka hadi 1:8, dawa imefanya kazi. Kama ugonjwa ni wa zamani namba inaweza kushuka polepole sana. Ikipanda tena mara nne, kutoka 1:8 hadi 1:32, kuna maambukizi mapya au dawa haikutosha. Basi baba, kadi ya kliniki ya mkeo ichukue kesho uende nayo, waandike dozi zenu pamoja.