Gari Lilikuwa la Rangi Gani?

Gari likimgonga mtu usiku na kutoroka, ushahidi unaobaki huenda ukawa picha moja ya simu ambayo kila kitu ndani yake ni cha rangi ya chungwa. Shahidi husema gari lilikuwa jeusi, mwingine husema kahawia. Kabla ya kumwamini yeyote, jua kwanza taa ile ilikuwa ya aina gani.

Taa za barabarani zenye mwanga huo huwaka kwa mvuke wa sodiamu, nazo ni za aina mbili. Za mgandamizo mdogo hutoa takriban mwanga wa namna moja tu, njano ya nanomita 589. Rangi huonekana pale bodi inapomeza baadhi ya mwanga na kurudisha mwingine. Mwanga ukiwa wa namna moja, hakuna cha kuchagua. Hapo hakuna programu itakayoirudisha rangi, kwa kuwa haikuingia kwenye kamera tangu mwanzo. Utajua tu kama gari ni jeupe au limekolea.

Za mgandamizo mkubwa, ambazo zimeenea zaidi, zina kijani na bluu kidogo ndani yake. Hizo ndizo zinazotupa nafasi.

Tafuta kitu cheupe kilichomulikwa na taa ileile, kama mstari wa barabarani. Fungua picha kwenye programu inayoonyesha namba za R, G na B, yaani nyekundu, kijani na bluu. Tuseme mstari unasoma 230, 150, 40, na mlango wa gari 60, 42, 38. Gawanya namba za mlango kwa za mstari: nyekundu inabaki asilimia 26, kijani 28, lakini bluu 95. Kwa macho mlango ule unaonekana mweusi, kumbe ni wa bluu. Kama zote tatu zingebaki karibu sawa, gari lingekuwa la kijivu au jeusi.

Kuwa mwangalifu na kitu unachokiita cheupe. Kenya, namba ya nyuma ya gari ni ya njano, na chini ya sodiamu huonekana karibu sawa na nyeupe ya mbele. Ukiitumia kama nyeupe, bluu yake ndogo itafanya gari lolote lionekane la bluu. Epuka pia sehemu ya bodi inayong'aa, maana pale unapima taa yenyewe, na namba yoyote iliyofika 255, kwa kuwa imekatwa.

Ile 38 yenyewe ni ndogo, na chembechembe za picha ya usiku huweza kuipandisha. Pima sehemu kadhaa za mlango uchukue wastani. Zikipishana sana, andika kwenye maelezo yako "rangi iliyokolea, huenda bluu", kisha utafute picha nyingine ambamo taa za gari la nyuma zimeumulika mlango uleule.