Lipstiki Yako Imetoka kwa Nani?

Hebu tuseme uko Busisi na shoga yako, mmesimama kwenye kibanda cha vipodozi. Kila mmoja anataka lipstiki nyekundu. Wewe ni Mwislamu, mwenzako ni Msabato asiyekula nyama. Swali ni hili: ndani yake kuna nini? Si swali dogo, maana ukilamba midomo, lipstiki unaimeza!

Geuza boksi usome orodha ya viungo. Anza na namba za rangi. Ukiona CI 75470, hiyo ni karmini. Karmini inatokana na wadudu wadogo wanaoishi kwenye mpungate, hasa kule Peru. Wadudu hukaushwa, wakachemshwa, rangi ikatolewa. Kilo moja ya wadudu wakavu ina wadudu kama 150,000.

Basi shoga yako anairudisha. Na wewe? Hapo wanazuoni wanatofautiana. Wengi wa madhehebu ya Hanafi hawaruhusu kula wadudu, lakini Baraza la Maulamaa la Indonesia liliiruhusu rangi hii mwaka 2011. Muulize ustadhi wako. Tena watu wachache huvimba au kuwashwa wakiipaka, kwa hiyo ukiona hivyo, iache.

Sasa chukua ya pili. Imeandikwa CI 15850. Hii ni nyekundu ya kiwandani, haina mdudu. Lakini usiwahi kulipa, endelea kusoma! Chini kuna lanolini (kwenye boksi haina "i" ya mwisho). Hayo ni mafuta ya sufu ya kondoo. Kondoo hunyolewa tu, hachinjwi, ndiyo maana wengi wasiokula nyama huikubali. Asiyetumia chochote cha mnyama ataikataa, pamoja na nta ya nyuki.

Jelatini je? Hiyo hutolewa kwenye ngozi na mifupa, mara nyingi ya nguruwe au ng'ombe. Utaikuta zaidi kwenye ganda la vile vidonge laini vya vitamini E ambavyo wengine hutoboa na kujipaka usoni. Kama boksi halisemi ni ya mnyama gani, huwezi kujua kwa kuitazama. Ila usichanganye na mafuta ya mgando: ingawa yanaitwa jeli, yanatokana na mafuta ya petroli, hayana jelatini.

Kuna viungo visivyojieleza. Gliserini inaweza kutoka kwenye mawese au kwenye mafuta ya ng'ombe, na jina ni lile lile. Hapo tafuta nembo ya halali yenye jina la taasisi iliyoitoa, au maneno kwamba bidhaa haina kitu cha mnyama. Maneno "haikujaribiwa kwa wanyama" ni jambo jingine kabisa.

Na ile lipstiki isiyo na boksi wala orodha, ya bei chee? Hapo hata muuzaji hajui. Mrudishie tu.