Nukta iko wapi, na kwa nini?

Zoezi lenyewe linafahamika kwa kila aliyepita shule ya msingi. Mwalimu anaandika ubaoni aya isiyo na alama, kisha anasema: andika upya kwa kutumia alama sahihi za uandishi. Watoto wanainama, wanatupa nukta hapa na mkato pale, wanakusanya madaftari. Yanaporudi yana vema na mkasi wa wino mwekundu, lakini haijulikani nani ameelewa na nani amebahatisha. Ndiyo maana napenda zoezi hili liwe na sharti moja la ziada: kila badiliko lipewe namba ndogo juu yake, na chini ya aya mtoto aeleze sababu ya kila namba kwa maneno yake mwenyewe.

Tuchukue aya fupi inayomfaa mtoto wa darasa la tatu au la nne:

jumamosi asubuhi mama na juma walikwenda sokoni kariakoo walinunua nyanya vitunguu bamia na nyama ya ngombe juma akamwambia mama nazi zimekwisha mama akamwuliza umetazama kule nyuma juma akasema hapana walirudi Nyumbani saa sita mchana

Kabla ya kushika kalamu, mtoto aisome kwa sauti mara mbili. Mara ya kwanza atajikwaa, na hapo alipojikwaa ndipo penye kazi. Mara ya pili atafute vitenzi. Kiswahili kina jambo linalowaponza wadogo: sentensi nzima inaweza kuanza na kitenzi, bila jina la mtu mbele yake. Mtoto anayengoja kuona jina ndipo aanze sentensi mpya atapita moja kwa moja kutoka "Kariakoo" hadi "walinunua" bila kusimama. Afundishwe kuuliza, "Nani walinunua?" Jibu limo ndani ya kitenzi chenyewe: ni mama na Juma. Basi "Walinunua" inaweza kujitegemea, na nukta, au kituo kama wengi wanavyoiita, inakaa baada ya Kariakoo.

Kanuni hiyo isitumike kama panga. Tukisimulia tunasema "akaamka, akanawa, akaondoka", vitendo vitatu vinavyofuatana ndani ya sentensi moja, na mkato unatosha. Mtoto aliyeweka nukta kila alipoona kitenzi ameshika nusu ya somo. Aulizwe kama sauti yake inashuka kabisa pale, au inapumzika tu ikiendelea mbele.

Herufi kubwa zina mtego wao mwanzoni kabisa mwa aya. "Jumamosi" inaanza kwa herufi kubwa kwa sababu mbili: imeanzisha sentensi, na ni jina la siku. Mtoto akitoa sababu ya kwanza peke yake, mwalimu alihamishe neno: "Mama na Juma walikwenda sokoni jumamosi." Je, herufi ibaki ndogo? Akisema ndiyo, tumegundua pengo ambalo vema ya wino mwekundu ingelificha. "Kariakoo" ni jina la mahali pamoja mahususi, lakini "sokoni" ni popote penye soko, kwa hiyo ya kwanza inapanda na ya pili inabaki chini. "Nyumbani" nayo inashushwa kwa sababu hiyohiyo. Katika kila zoezi nashauri iwekwe angalau herufi kubwa moja isiyostahili, maana watoto wengi wanajua kupandisha herufi tu, na hudhani kila neno wanaloliheshimu linastahili kupandishwa.

Orodha ya sokoni ni nyepesi: mkato baada ya nyanya, mkato baada ya vitunguu, halafu "na" inamalizia kazi. Ila mwisho wa orodha kuna "ngombe". Hapa inakosekana ritifaa, ile alama ndogo ya juu, na mara nyingi mtoto akiikumbuka anaiweka pasipo pake: n'gombe. Mwambie atamke "ngoma", kisha "ng'ombe". Kwenye ngoma, g inasikika wazi ikigonga kooni. Kwenye ng'ombe haigongi. N na g zimeungana kuwa sauti moja ya puani. Kwa kuwa herufi hizo mbili ndizo zilizoungana, alama haiwezi kuzitenganisha. Inakuja baada yake. Mtoto aliyesikia tofauti hiyo kwa masikio yake ataandika ng'ambo na ng'oa bila kukumbushwa.

Sasa tufike penye utamu: "juma akamwambia mama nazi zimekwisha". Watoto wawili wanaweza kuandika hivi, na wote wakapata:

Juma akamwambia mama, "Nazi zimekwisha."

Juma akamwambia, "Mama, nazi zimekwisha."

Katika ya kwanza, mama ni mtu anayetajwa na msimulizi, kwa hiyo neno liko nje ya alama za usemi na herufi yake ni ndogo. Katika ya pili, "Mama" limetoka kinywani mwa Juma. Limeanzisha maneno yake, ndiyo maana lina herufi kubwa. Na kwa kuwa anaita, mkato unafuata. Mwalimu mwenye jibu moja tu kwenye karatasi yake atamwonea mmoja kati ya watoto hao. Sababu iliyoandikwa chini ndiyo inayomwokoa mtoto. Akiandika "Juma anamwita mama yake", amepata, hata kama kitabu kilifanya vingine.

"Umetazama kule nyuma" ni swali, lakini halina "nani", "lini" wala "je" ya kulitambulisha. Kwenye mazungumzo tunalijua kwa sauti. Kwenye karatasi alama ya kuuliza ndiyo sauti hiyo, na bila yake mama angekuwa anamweleza Juma alichofanya. Alama hiyo inakaa ndani ya alama za usemi, kwa sababu anayeuliza ni mama. Tukibadili tukasema "Mama akamwuliza kama ametazama kule nyuma", tunamaliza kwa nukta. Hapo msimulizi anatoa habari tu, hata kama neno "akamwuliza" linawashawishi watoto kuweka kiulizi.

Linabaki swali la wapi pa kufunga maneno ya Juma. Je, alisema "Hapana" tu, au alisema "Hapana, walirudi nyumbani"? Kitenzi kinatujibu. Kama Juma angekuwa anaeleza safari yake na mama, angesema "tulirudi". "Walirudi" ni sauti ya msimulizi, hivyo alama zinafungwa baada ya "Hapana".

Aya iliyosahihishwa inasomeka hivi:

Jumamosi asubuhi mama na Juma walikwenda sokoni Kariakoo. Walinunua nyanya, vitunguu, bamia na nyama ya ng'ombe. Juma akamwambia, "Mama, nazi zimekwisha." Mama akamwuliza, "Umetazama kule nyuma?" Juma akasema, "Hapana." Walirudi nyumbani saa sita mchana.

Katika kusahihisha, napendekeza alama moja kwa badiliko na moja kwa sababu. Sababu kama "kwa sababu ni kanuni" au "kwa sababu mwalimu alisema" isipewe kitu. Mtoto arudishiwe daftari aeleze upya. Aya isizidi urefu huu, kwa kuwa kueleza sababu kunachosha kuliko kuweka alama, na aliyechoka huanza kunakili sababu moja mara kumi. Akinakili "ni mwanzo wa sentensi" hata chini ya "Kariakoo", mwite mezani, mwambie asome aya yake kwa sauti akisimama pale tu alipoweka nukta.