Duara Moja, Maumbo Mengi: Kupima Ujazo kwa Vipande

Chukua karatasi na bikari, uchore duara lenye nusukipenyo cha sentimita 3. Kisha pita kwa fundi seremala, umwombe mabaki ya ubao wenye unene wa sentimita 1. Duara lako lina upana wa sentimita 6, kwa hiyo vipande sita vya ubao vikisimamishwa wima, kimoja nyuma ya kingine, vitalifunika kutoka ukingo hadi ukingo. Sharti ni moja: kila kipande kiwe mraba, na upande wake wa chini ulingane na upana wa duara pale kinaposimama.

Vipande viwili vya katikati vitakuwa na upande wa karibu sentimita 5.9. Viwili vinavyofuata, kimoja huku na kimoja kule, vitakuwa na sentimita 5.2, na viwili vya mwisho sentimita 3.3. Viunganishe kwa gundi. Umbo litakalosimama mbele yako halina jina sokoni wala shuleni. Chini limekaa juu ya duara, ukilitazama kwa mbele unaona mraba, na ukilitazama kwa ubavuni unaona tao refu lenye ngazi. Hakuna kitabu cha sekondari chenye fomula ya umbo hili, kama ilivyo fomula ya tufe au ya mchemraba. Hata hivyo ujazo wake unapatikana bila shida, na njia yenyewe inafaa kwa maumbo mengine mengi yasiyo na fomula.

Siri yote iko kwenye upana. Simama kwenye kitovu cha duara, sogea umbali wa x kuelekea ukingoni, na ukate duara hapo kwa mstari uliosimama mraba na njia uliyopita. Kwa kanuni ya Pithagorasi, nusu ya mstari huo ikizidishwa kwa yenyewe ni 9 − x². Upana mzima ni mara mbili ya nusu hiyo, kwa hiyo mraba unaosimama juu yake una eneo la 4(9 − x²). Angalia jinsi kipeuo kilivyotoweka: tulianza na upana wenye kipeuo cha pili ndani yake, lakini mraba ukakifuta. Ndiyo maana swali linaloonekana gumu kwa macho linakuwa jepesi kwenye karatasi.

Sasa tuhesabu vile vipande vya ubao, tukipima upana katikati ya unene wa kila kimoja. Kipande kilicho nusu sentimita kutoka kitovu kina eneo la 35. Kilicho sentimita moja na nusu kina 27, na kilicho mbili na nusu kina 11. Jumla ni 73 kwa upande mmoja, na 146 kwa pande zote mbili. Kwa kuwa unene ni sentimita 1, hizo ni sentimita za ujazo 146 za mbao.

Hesabu hiyo ni sahihi kwa mbao zako zenye ngazi, lakini bado si sahihi kwa umbo laini tunalolifikiria. Punguza unene uwe nusu sentimita, uwe na vipande kumi na viwili, na jumla inashuka hadi 144.5. Punguza tena hadi robo sentimita, inakuwa 144.125. Tofauti na 144 ilikuwa 2, ikawa nusu, kisha moja ya nane. Kila unene unapokatwa nusu, kosa linabaki robo ya lilivyokuwa. Mtu hahitaji kuendelea zaidi ili ajue jumla inakimbilia wapi. Kalkulasi inafanya safari hiyo yote kwa mstari mmoja, kwa kujumlisha vipande vyembamba kupita kiasi kutoka −3 hadi 3:

V = ∫ 4(9 − x²) dx = 4(54 − 18) = 144

Baada ya kazi hiyo, mambo mengine yanakuja karibu bure. Tuseme juu ya duara lilelile hatutaki miraba bali nusu duara, kila moja ikikaa kwa kipenyo chake. Nusu duara yenye kipenyo w ina eneo la πw²/8, wakati mraba wenye upande w una eneo la w². Uwiano wa kimoja kwa kingine ni π/8 popote utakapokata, katikati au ukingoni. Kwa hiyo ujazo mzima nao unazidishwa kwa π/8: 144 unakuwa 18π, yaani karibu 56.5. Ukisimamisha pembetatu zenye pande zote sawa, kizidisho kinakuwa √3/4, na ujazo ni kama 62.4. Hakuna haja ya kuanza hesabu upya. Msingi ndio unaoamua jumla ya w², na sura ya mkato inaleta kizidisho chake tu.

Hilo la nusu duara linaweza kukaguliwa kwa njia nyingine. Nusu duara zinazokua na kupungua juu ya duara zinajenga nusu tufe. Tufe la nusukipenyo 3 lina ujazo wa 36π, na nusu yake ni 18π. Majibu yamekutana.

Makosa ya swali hili yana mazoea yake. Linalotokea mara nyingi ni mtu kuchukua upana wa msingi na kuuweka mahali pa nusukipenyo cha nusu duara, ilhali ni kipenyo. Jibu linakuwa mara nne ya ukweli, yaani 72π, ambayo ni karibu 226. Kalamu haitakuonya, lakini kisanduku kitakuonya. Hata lile umbo la miraba, ambalo ni kubwa kuliko la nusu duara, linaingia ndani ya kisanduku cha sentimita 6 kila upande, na kisanduku hicho kina ujazo wa 216 tu. Umbo haliwezi kuzidi sanduku linaloingia ndani yake.

Kosa la pili ni la kinyume: kusahau kwamba Pithagorasi alitupa nusu ya upana, na kujenga mraba juu ya nusu hiyo. Hapo ujazo unatoka 36. Rudi kwenye mbao zako. Vipande viwili vya katikati peke yake vina 70. Jumla ya vyote itakuwaje 36? Wengine huingiza π kwenye miraba kwa sababu msingi ni duara, wakidhani penye duara lazima π iwepo. Kwa miraba hii haipo kabisa, na jambo hilo liliwashangaza watu karne nyingi kabla yetu.

Mmoja wao alikuwa Arkimedi wa Sirakusa, aliyekufa mwaka 212 kabla ya Kristo. Katika waraka aliomwandikia Eratosthene, mwanazuoni wa Aleksandria nchini Misri, alitaja mapaipu mawili ya unene sawa yanayopitana kwa pembe mraba, na akauliza habari za sehemu ya ndani iliyo ya mapaipu yote mawili. Alisema sehemu hiyo ni theluthi mbili za mchemraba unaoizunguka. Waraka huo ulipotea kwa muda mrefu. Maandishi yake yalikuwa yamekwanguliwa, na ngozi iliyobaki ikaandikwa kitabu cha sala juu yake. Mwaka 1906 msomi wa Denmaki, Johan Ludvig Heiberg, aliusoma mjini Istanbul, herufi hafifu chini ya sala.

Ukikata sehemu hiyo ya pamoja sambamba na mapaipu yote mawili, kila mkato ni mraba. Kama nusukipenyo cha mapaipu ni 3, upande wa mraba kwa umbali x kutoka katikati ni 2√(9 − x²), upana uleule tuliouona kwenye duara letu. Miraba ya Arkimedi imepangwa ikiwa na kitovu kimoja, yetu imesimama juu ya karatasi, lakini mkato kwa mkato maeneo ni sawa, na kwa hiyo ujazo ni sawa. Theluthi mbili za 216 ni 144. Mapaipu mawili ya mviringo yanatoa jibu lisilo na π hata kidogo. Kwangu mimi hakuna mfano mwingine katika somo hili unaoupita huu kwa uzuri.

Kuna jambo jingine ambalo duara linatuficha, kwa kuwa ni sawa pande zote: uelekeo wa mkato. Chukua msingi mwingine, eneo lililo kati ya parabola y = x² na mstari y = 4. Ukisimamisha miraba kwa kukata wima, kila mmoja una upande wa 4 − x², na ujazo unatoka 512/15, karibu 34.1. Ukikata kwa mlalo, upande unakuwa 2√y, eneo ni 4y, na ujazo ni 32 kamili. Msingi ni uleule, miraba ni ileile kwa jina, lakini maumbo ni mawili tofauti. Swali lisilosema mkato unaelekea wapi halijakamilika, na mwanafunzi ana haki ya kumrudishia mwalimu.

Nje ya darasa, mara nyingi fomula ya eneo la mkato haipo. Waundaji wa meli wana mchoro wa chombo uliokatwa vituo kwa umbali sawa, na katika kila kituo wanapima eneo la sehemu iliyo chini ya maji. Kisha wanatumia kanuni inayobeba jina la Mwingereza Thomas Simpson: eneo la kwanza na la mwisho huhesabiwa mara moja, ya kati mara nne na mara mbili kwa zamu, kuanzia na kuishia na nne. Jumla inazidishwa kwa umbali kati ya vituo na kugawanywa kwa tatu. Idadi ya vituo lazima iwe witiri.

Ijaribu kwenye duara letu kwa vituo vitatu tu: kwenye kingo mbili eneo ni 0, katikati ni 36, na umbali ni 3. Unapata 3 × 144 ÷ 3, yaani 144 barabara. Inalingana kabisa kwa sababu eneo letu linafuata x². Miraba ya wima ya parabola inafuata x⁴, na hapo vituo vitatu vinatoa 42.7, kosa kubwa. Kwa vituo vitano maeneo ni 0, 9, 16, 9 na 0, na jibu linakuwa 34.7, karibu sana na 34.1. Ndiyo sababu waundaji huongeza vituo kwenye omo na tezi, ambako umbo la chombo hubadilika haraka.

Wakishapata ujazo huo, wanauzidisha kwa 1.025, kwa kuwa mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito wa takriban tani 1.025. Chombo chenye mita za ujazo 40 chini ya maji kina uzito wa tani 41, pamoja na shehena yake.