Mjomba Anapoomba Milioni Nne

Tuchukue mfano wa muuguzi mmoja mkoani Tanga. Mjomba wake amepata bajaji iliyotumika, mwenyewe anaitoa kwa milioni sita. Mbili anazo. Nne anaziomba kwa mpwa wake, naye atazirudisha kidogo kidogo biashara ikichanganya. Muuguzi hana nia ya kukopesha, lakini huyu ndiye mjomba aliyempeleka shule.

Wengi wakifika hapo hujibu, "Ngoja nione, mjomba." Linasikika jibu la adabu, kumbe ndilo linaloumiza zaidi. Mjomba atamwambia muuzaji asubiri, pengine atatoa na arbuni. Wiki tatu baadaye bajaji imeuzwa kwa mwingine, arbuni hairudi, na lawama zote zinamwangukia mpwa. "Kwa sasa sina" nayo haitofautiani sana: anayeisikia huhesabu miezi, kisha hurudi.

Barua, hata ikitumwa kwa simu, inamfaa muuguzi kuliko kupiga. Kwenye simu mjomba atauliza, yeye atababaika, na mwisho wa maongezi ameahidi milioni moja asiyokuwa nayo. Barua pia inampa mzee nafasi ya kukasirika peke yake, mpwa asisikie. Itumwe kwake tu, isipitie kundi la ukoo. Hata hivyo, mzee asiyeona vizuri atasomewa na mjukuu, kwa hiyo kila sentensi iwe ile ambayo mtoto anaweza kuisoma kwa sauti bila babu yake kuaibika.

Waliofundishwa kuandika barua shuleni hupenda salamu ndefu, za afya na mashaka ya walio mbali. Hapa salamu zifupishwe, maana msomaji ana wasiwasi wa jambo moja tu.

"Shikamoo mjomba. Natumaini wewe na shangazi hamjambo. Ama baada ya salamu, nimeipokea habari ya bajaji, na nimefurahi kwamba umenieleza mimi. Nimekaa nimefikiri, na jibu langu ni kwamba sitaweza kukukopesha hizo milioni nne. Nakwambia mapema ili usimwekee muuzaji ahadi kwa kunitegemea. Mshahara wangu unakatwa mkopo wa nyumba, na nimeamua nisikopeshe pesa kubwa ndani ya familia, kwa sababu sitaki siku moja nikuone njiani nikawaza deni. Kesho nitakutumia laki mbili. Hizo ni zako, si mkopo. Jumamosi ya pili nitakuja kuwaona, nikae mpaka jioni. Mpwa wako."

Kukataa kumekuja mapema, na kumesemwa mara moja tu. Baada yake imefuata sababu ya kweli, halafu uamuzi. Mpangilio huu una maana yake. Sababu ya pesa ikisimama peke yake hujibiwa kwa hesabu. Mtumishi wa umma Tanzania anaweza kueleza kwamba makato hayatakiwi kumwachia chini ya theluthi moja ya mshahara wa msingi, na ni kweli, ila mjomba atamuuliza: na SACCOS je? Na kikoba? Neno "nimeamua" ndilo linalofunga milango iliyobaki. Sababu ya uongo ni mbaya kuliko zote, kwani mwezi ujao picha ya bati jipya itaonekana kwenye simu ya binamu.

Kilichoachwa nje nacho kina uzito. Hakuna ushauri kuhusu biashara ya bajaji, hakuna kumkumbusha deni la binamu ambalo halikulipwa, wala hakuna kuomba radhi mara tano. Laki mbili zimetajwa kwa kiasi na siku, kwa sababu "nitakusaidia kidogo" ni ngoja-nione nyingine. Asiye na laki mbili asitaje pesa kabisa. Ile Jumamosi inatosha, mradi aende kweli.

Kwa Waislamu wa pwani jambo hili si geni. Sura ya Israa, kuanzia aya ya 26, inataja haki ya jamaa wa karibu, kisha aya ya 28 inamwelekeza yule asiyekuwa na cha kuwapa kwamba awaambie neno laini. Ulaini huo si sawa na kuficha jibu.

Linabaki ombi ambalo mara nyingi hufuata: "Basi nidhamini." Mpwa anaweza kuliona dogo, kwa kuwa hatoi hata shilingi. Lakini katika SACCOS nyingi akiba ya mdhamini hushikiliwa mpaka mkopo uishe, na mkopaji akishindwa, hiyo ndiyo inayokatwa. Muuguzi akijua mjomba wake ni mwanachama mahali fulani, aongeze sentensi moja kwenye barua ileile: "Na udhamini pia sitauweza." Ni rahisi kuiandika leo kuliko kumjibu mzee akiwa amesimama mlangoni na fomu mkononi.